Simu, rekoda ya mkononi au maikrofoni ya kondensa: kipi cha kurekodia vishindo vya miguu na milango inayolia ukiwa nyumbani

Picha imetoka vizuri, lakini sauti iliyonaswa siku ya kupiga filamu haifai. Jenereta la jirani linavuma mwanzo hadi mwisho, hatua za mwigizaji zinasikika kwa mbali kama za mtu wa nyumba ya pili, na mlango uliotakiwa kumshtua mtazamaji umefunguka kimya. Dawa yake ni kuzirekodi sauti hizo upya huku ukiitazama picha. Kazi hii huitwa foli, kwa jina la Jack Foley wa studio za Universal, aliyeifanya Hollywood tangu sinema zilipoanza kuwa na sauti mwishoni mwa miaka ya 1920. Inawezekana kabisa kuifanyia chumbani. Wengi hukwama kwenye chombo: simu iliyopo mfukoni inatosha, au ununue rekoda ndogo ya mkononi, au uingie gharama ya maikrofoni ya kondensa na saundi kadi, yaani kifaa cha kuiunganisha na kompyuta?

Ulinganisho huu unavipima vyombo vyote vitatu kwa onyesho moja la sekunde 40, lisilo na maneno. Ni usiku. Mwanamume aliyevaa viatu vya ngozi anavuka varanda ya saruji: hatua 9 katika shoti ya mbali, kisha 5 katika shoti ya karibu ya miguu. Anasimama. Anausukuma mlango wa mbao wa zamani unaolia kwa sekunde 4, anaingia sebuleni kwenye vigae hatua 5, na mlango unarudi polepole nyuma yake.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni utulivu wa chombo chenyewe. Kila maikrofoni ina mvumo wake wa ndani, ule wa "shhh" unaousikia hata chumba kikiwa kimya. Ukirekodi mtu anayeongea hautaujali. Lakini bawaba inayolia ni sauti ndogo, utalazimika kuikuza, na mvumo utakua pamoja nayo.

Cha pili ni kama chombo kinakuachia uamuzi wa kiwango cha sauti au kinajiamulia chenyewe. Cha tatu ni umbali: shoti ya mbali inataka sauti yenye hewa kidogo, shoti ya karibu inataka sauti iliyobana, na si kila chombo kinavumilia kusogezwa nyuma. Cha nne ni urahisi wa kuifuata picha. Kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, na hatua iliyochelewa fremu mbili au tatu macho yanaigundua upesi. Cha tano ni gharama, umeme na usumbufu wa kuanzisha kazi.

Yasiyobadilika, chombo chochote utakachochagua

Chumba kina nguvu kuliko chombo. Maikrofoni ya bei kubwa kwenye chumba kitupu cha mita 3 kwa 3 itakupa sauti mbaya kuliko simu iliyozungukwa na magodoro, kwa sababu kishindo kinagonga ukuta na kurudi haraka mno. Masikio hayausikii urejeo huo kama mwangwi. Yanausikia kama chumba kidogo, na varanda yenye chumba kidogo ndani yake haiaminiki. Simamisha godoro moja nyuma ya maikrofoni na moja nyuma yako, tandika blanketi nzito juu ya meza au kabati lililo ubavuni, na uache wazi ile sehemu ya sakafu unayoikanyaga tu. Lengo ni sauti kavu. Mwangwi wa varanda au wa sebule utauongeza kwenye programu ya uhariri, ila mwangwi wa chumbani ukishaingia hautoki.

Zima feni, kiyoyozi na friji. Ukihofia kulisahau friji, weka funguo za nyumba ndani yake. Hutaweza kutoka bila kulifungua. Muda mzuri ni kati ya saa saba na saa kumi usiku, kabla ya adhana ya alfajiri, na kwa wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, kabla kunguru hawajaamka. Mvua ikiwa imenyesha, nyenje na vyura watakuwa kazini usiku kucha, na paa la bati litaendelea kudondosha matone kwa muda mrefu. Siku hiyo rekodi vishindo vizito na uuache mlango kwa usiku mwingine.

Usirekodi kila kitu kwa mkupuo mmoja. Pitia onyesho mara tatu: kwanza miguu, kisha nguo, kisha vitu, yaani mlango na kitasa. Kila pito liwe na mstari wake wa sauti kwenye programu, ili ukitaka mlango ushuke usishuke na hatua.

Kwa miguu, vua saa, bangili na chochote kinacholialia, na uvae nguo ya pamba inayobana. Kaptura pana ya nailoni itasikika kuliko viatu. Huhitaji kutembea chumba kizima: kanyaga papo hapo, ukiangusha kisigino kwanza kisha ukiviringisha mguu hadi vidoleni, na uzito uhame kweli kutoka mguu hadi mguu. Ukipigapiga tu soli chini utapata "ko, ko, ko" ya kubisha hodi. Hatua ya mtu ina sauti mbili, kisigino na kisha mbele ya mguu, na nafasi kati yake ndiyo inayosema huyu ana haraka au amechoka. Nyunyiza chembe chache za mchanga mkavu kwenye saruji, kiasi cha vidole viwili tu. Mkwaruzo wake ndio utakaofanya hatua zisikike kwenye spika ndogo ya simu ya mtazamaji, ambayo haitoi sauti nzito hata kidogo.

Kwa vigae, kama sakafu yako ni ya saruji tupu, usikiweke kigae kimoja juu yake ukakikanyaga. Hewa iliyobaki chini yake italia kwa sauti ya uwazi, na kitacheza. Jaza mchanga wenye unyevu kwenye trei, sentimita 3 hivi, uubane, kisha ukikalishe kigae juu yake kikigusa mchanga kila upande.

Mlango unalia kwa sababu chuma cha bawaba kinakwama na kuachia, kinakwama na kuachia, mara nyingi kwa sekunde. Ukiusukuma polepole utasikia kila mwachio peke yake, "tk, tk, tk". Ukiongeza mwendo, miachio inaungana na kuwa mlio, na mlio unapanda. Hivyo "kwiii" ndefu ya kutisha hutokana na mkono unaobadilisha mwendo, na nguvu haisaidii sana. Bawaba iliyotiwa mafuta hailii: ifute kwa kitambaa chenye spiriti, na uubebeshe mlango uzito kwa kuuinua au kuukandamiza kwa mpini. Ukishindwa, nunua bawaba kuukuu, ifunge kwenye kipande cha ubao, kisha ukandamize ubao huo juu ya kabati tupu la mbao huku ukiikunja bawaba taratibu. Kabati linaupa mlio kifua, kwani bawaba peke yake hewani hutoa sauti nyembamba kama ya panya. Kiti cha mbao kilicholegea maungio nacho hufanya kazi hiyo vizuri, na mara nyingine kuliko mlango wenyewe.

Mwisho, kila baada ya pito moja nasa sekunde 20 za ukimya wa chumba bila kutikisika. Utauhitaji kuzibia mapengo.

Simu

*Utulivu.* Vijimaikrofoni vya simu si vibaya kama watu wanavyodhani, lakini vinasikia pande zote sawasawa. Kwa hiyo tatizo lake kubwa ni chumba na jirani, mvumo wake wa ndani unafuata nyuma. Vishindo kwenye saruji vinatoka vizuri. Mlio wa mlango unatoka vizuri kama simu iko sentimita 15 hadi 25 kutoka bawaba, na unaanza kuchafuka ukizidi hapo.

*Kiwango.* Hapa ndipo simu huangusha kazi. Programu nyingi za simu za kurekodi zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Zinapandisha sauti panapokuwa kimya na kuishusha panapokuwa na kelele, na nyingine hufuta chochote kisichofanana na sauti ya mtu. Matokeo yake hatua ya kwanza inatoka kubwa, ya pili ndogo, na kati yake mvumo unapanda na kushuka kana kwamba chumba kinahema. Mkia wa kila kishindo unakatwa.

Lipime hilo kabla ya kuanza: rekodi sekunde 10 za ukimya, piga kofi moja, kaa kimya sekunde 10 tena, kisha lifungue faili kwenye kompyuta. Mstari wa mvumo ukiporomoka mara baada ya kofi na kupanda polepole, simu inajiamulia. Tafuta programu inayoruhusu kuzima marekebisho hayo, iweke irekodi faili la WAV, 48 kHz, na urudie kipimo. Kwenye baadhi ya simu za Android kipengele hicho huandikwa `Unprocessed` au `Raw`. Kwenye aifoni, programu ya Voice Memos ina chaguo la `Lossless` katika mipangilio. Hilo linahifadhi ubora wa faili tu, kwa hiyo kipimo cha kofi bado ni lazima. Kama hakuna programu inayokubali kwenye simu yako, usipoteze usiku mzima ukiibembeleza, azima nyingine.

*Umbali na chumba.* Kwa kuwa inasikia pande zote, simu haiwezi kurudi nyuma. Shoti ya mbali ya varanda utairekodi kwa karibu, kisha utaisukuma mbali kwenye uhariri kwa kupunguza kiwango, kukata sauti nyembamba za juu kidogo na kuongeza mwangwi. Usiilaze simu sakafuni moja kwa moja: kila hatua itapita kwenye saruji na kuingia kama mdundo mzito usio na umbo. Ikunjie taulo mara nne au iegemeze kwenye kiti, na upande wenye tundu la maikrofoni, mara nyingi chini karibu na tundu la chaji, uelekee miguu. Iweke kwenye hali ya ndege.

*Kufuata picha.* Simu haijui picha iko wapi, kwa hiyo unahitaji alama. Katika programu ya uhariri weka milio mitatu mifupi kabla ya onyesho, mmoja kila sekunde, wa tatu ukiwa sekunde 1 kamili kabla ya fremu ya kwanza. Icheze kwenye kompyuta milio ikitoka kwa spika na video yenyewe ikiwa bubu. Simu itainasa milio pamoja na hatua zako, na baadaye utaioanisha milio na milio. Umbali wa mita 1 kutoka spika hadi simu unachelewesha sauti kwa milisekunde 3 tu, hauna madhara. Lakini rekodi vipande vifupi. Saa ya simu na ya kompyuta hazilingani kabisa: zikipishana sehemu 50 kwa milioni, kwa sekunde 40 ni milisekunde 2, kwa dakika 10 ni milisekunde 30, karibu fremu nzima.

*Gharama na usumbufu.* Hakuna cha kununua, haitegemei umeme, na inaweza kwenda kwenye mlango mzuri badala ya mlango kuja kwako. Kama nyumba ya bibi ina mlango wa mninga unaolia vizuri, nenda nayo.

*Inamfaa* anayetengeneza video fupi za mtandaoni, mwenye onyesho moja au mawili, na kazi itakayosikilizwa zaidi kwenye simu.

Rekoda ya mkononi

Hivi ni vyombo kama Zoom H1n, Zoom H1essential au Tascam DR-05X: kifaa cha kushika kwa kiganja, maikrofoni mbili kichwani, kadi ndogo ya kumbukumbu, betri mbili za kawaida.

*Utulivu.* Ni bora kuliko simu kwa kuwa hakuna kinachofuta au kukandamiza sauti kwa siri, lakini usitarajie ukimya. Rekoda za bei ya chini zina mvumo unaosikika waziwazi ukipandisha kiwango karibu na mwisho, na mlio mwembamba wa bawaba utakulazimisha kukipandisha. Dawa ni kusogea: sentimita 20 hadi 30 kwa bawaba, 50 hadi 70 kwa miguu.

*Kiwango.* Kiko mikononi mwako. Zima `Auto Level`, weka WAV, 48 kHz, biti 24, kisha kanyaga hatua kubwa kuliko zote za onyesho na urekebishe hadi kilele kiwe karibu na −12 dB. Kwa mlango anza upya, maana kiwango cha miguu hakitaufaa. `Lo Cut` ya 80 Hz unaweza kuiwasha kwa mlango, ikaondoa mngurumo wa magari ya mbali. Kwa miguu iache, kwa sababu uzito wa kisigino unaishi karibu na hapo na unaweza kuukata baadaye ukitaka.

Aina mpya, H1essential ikiwemo, hurekodi kwa biti 32 za nukta elea, na hapo huhitaji kuweka kiwango kabisa: mlango ukibamizwa ghafla, kilele kinarudishwa chini kwenye uhariri bila kuchanika, alimradi maikrofoni yenyewe haikulemewa. Ni msaada mkubwa kwa anayefanya kazi peke yake. Ila matangazo yamewafanya watu waamini kuwa biti 32 zinaondoa mvumo. Haziondoi. Mvumo unatoka kwenye maikrofoni na sakiti inayoifuata, na ukiikuza sauti ndogo baadaye, nao unakua vilevile.

*Umbali na chumba.* Inaweza kurudi hadi mita 1 hivi kwenye chumba kilichofungwa kwa magodoro. Tatizo lake la pekee ni zile maikrofoni mbili. Foli karibu yote hutumika kama sauti ya mono, kisha mhariri anaamua iwe kushoto au kulia. Ukiacha stereo, miguu inayokanyaga papo hapo itayumba kutoka sikio moja hadi jingine bila sababu kwenye picha. Tumia upande mmoja tu, ule uliotoka safi, na usiujumlishe na mwenzake; kwenye rekoda ambazo maikrofoni zake zimeachana, kujumlisha hufanya sauti iwe na tundu.

Kamwe usiishike kwa mkono. Mwili wa plastiki unapitisha kila mguso wa kidole. Ina tundu la skrubu. Ifunge kwenye stendi ndogo, na stendi uiweke juu ya mto.

*Kufuata picha.* Ni sawa na simu: milio mitatu na vipande vifupi. Faida ni kwamba unaweza kuvaa hedifoni na kusikia kinachoingia. Ziwe za waya, kwa kuwa za Bluetooth huchelewesha sauti kiasi cha kukuvuruga mwendo wa miguu.

*Gharama na usumbufu.* Unanunua kitu kimoja, na kitaendelea kukufaa siku ya kupiga filamu. Umeme ukikatika kazi haisimami. Hesabu pia betri, kwani rekoda iliyoachwa ikiwaka usiku mmoja inamaliza mbili.

*Inamfaa* anayepiga filamu na kuzihariri mwenyewe, anayehama hama, na anayetaka chombo kimoja kinachofanya mengi kwa wastani.

Maikrofoni ya kondensa na saundi kadi

*Utulivu.* Tofauti inasikika siku ya kurekodi mlango. Maikrofoni yenye kiwambo kipana kama Rode NT1 ina mvumo wa ndani uliotajwa na watengenezaji kuwa 4 dBA. Audio-Technica AT2020, ambayo ni nafuu zaidi, imetajwa kuwa na dB 20. Kwa miguu kwenye saruji hutaona tofauti kati yake. Kwa "tk, tk" za bawaba inayoanza kusogea, ya kwanza inakuachia giza safi kati ya mlio na mlio, ya pili inaacha vumbi jepesi. Kwa hiyo usiseme tu "nitanunua kondensa". Angalia namba hiyo kwenye karatasi yake kabla ya kulipa.

*Kiwango.* Washa `48V` kwenye saundi kadi, maana bila hiyo maikrofoni haitoi kitu, kisha pandisha `GAIN` kwa kufuata kanuni ileile ya −12 dB. Hapa huonekana hitilafu ambayo wenye simu hawaijui: mngurumo wa 50 Hz na ndugu yake wa 100 Hz, unaotoka kwenye umeme wa nyumbani. Mara nyingi chanzo ni chaja ya kompyuta mpakato iliyochomekwa kwenye soketi isiyo na waya wa ardhi. Ichomoe. Mngurumo ukitoweka papo hapo, umempata mhalifu, na utafanya kazi kwa betri ya kompyuta.

*Umbali na chumba.* Ndiyo pekee kati ya tatu hizi inayoruhusu kurekodi umbali kama picha inavyotaka. Kwa onyesho letu: hatua 5 za shoti ya karibu, maikrofoni sentimita 60 kutoka miguu, juu kidogo ya goti, ikiinama kuelekea sakafuni. Hatua 9 za mbali, irudishe hadi mita 1.5 au 2, na usiguse `GAIN`. Tofauti ya nguvu na hewa ndiyo itakayomwambia mtazamaji kuwa kamera imesogea. Kwa mlango, sentimita 30. Ukikaribia chini ya 20, sauti nzito zinavimba zenyewe na bawaba inaanza kunguruma kama geti la gereza, jambo ambalo kwa filamu ya kutisha huenda ukalitaka.

Aina hizi husikia zaidi mbele na kidogo sana nyuma. Ugeuzie mgongo wake dirisha au mtaa. Lakini unyeti ule unaoipa faida ndio utakaokuletea redio ya jirani, tumbo lako na feni ya kompyuta. Kompyuta lazima ikae mbali: kebo ya XLR ya mita 5 hadi 10 inaiwezesha kubaki sebuleni, na wewe ukaitazama picha kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo au kwenye tableti.

*Kufuata picha.* Hapa ndipo inapookoa muda. Unarekodi moja kwa moja kwenye mstari wa picha ndani ya programu, kila teki inaangukia mahali pake, na ukikosea hatua ya nane unarudia ya nane pekee. Pima ucheleweshaji mara moja mwanzoni: toa mlio kutoka kwenye programu kwenda hedifoni, iweke hedifoni mbele ya maikrofoni, rekodi, kisha linganisha. Kama mlio uliorekodiwa umechelewa milisekunde 15, kila teki utaisogeza nyuma kwa kiasi hichohicho.

*Gharama na usumbufu.* Unanunua maikrofoni, saundi kadi, kebo na stendi, pamoja na kompyuta isiyolia sana. Huwezi kuibeba kirahisi hadi kwenye mlango wa bibi, na kuandaa chumba huchukua muda kuliko kurekodi sekunde 40 zenyewe.

*Inamfaa* mwenye filamu ndefu au tamthilia ya vipindi, anayefanya foli kila wiki, mwenye chumba anachoweza kukiacha kimepangwa.

Na ile maikrofoni ya mtutu?

Wapo watakaokuambia ununue maikrofoni ndefu ya mtutu kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye picha za studio. Studio hizo zina vyumba vikubwa vilivyofyonzwa mwangwi. Mtutu hufanya kazi kwa kufuta sauti za ubavuni kupitia matundu yake. Ndani ya chumba kidogo, sauti iliyogonga ukuta inarudi kupitia matundu hayohayo ikiwa imebadilika, na kishindo kinatoka kama ndani ya bomba. Kama tayari unao, utumie nje au kwenye chumba kilichojaa magodoro. Kama hunao, kwa kazi ya chumbani kondensa ya kawaida ni chaguo salama zaidi.

Baada ya kurekodi

Kosa moja huharibu kazi ya chombo chochote: kuiweka foli juu ya sauti ya awali bila kuiondoa ile ya zamani. Hatua dhaifu ya siku ya filamu ikibaki chini, nayo ikapishana na mpya kwa milisekunde chache, sikio linasikia "ta-tak" kama mtu mwenye miguu minne. Ikate ya zamani pale hatua ilipo, na pengo ulizibe kwa sauti ya mandhari ya usiku: upepo, nyenje, mbwa wa mbali. Kumbuka kuwa hatua kavu zikiachwa peke yake bila mandhari yoyote zinasikika kama za chumbani hata zikirekodiwa kwa chombo bora. Kinachopaswa kuondoka kwenye onyesho letu ni jenereta, lakini usiku wenyewe lazima ubaki.

Ukitumia programu ya kupunguza kelele, ishushe kwa dB 6 hadi 8 tu. Ukilazimisha zaidi, mikia ya vishindo inaanza kubugujika kama maji ndani ya chupa.

Kulingana na hali yako

Kama una onyesho moja, muda wa siku mbili na huna bajeti, tumia simu iliyofaulu kipimo cha kofi, na muda wa kutafuta chombo utumie kuazima magodoro zaidi. Simu ikishindwa kipimo hicho na hakuna nyingine ya kuazima, rekoda yoyote ya mkononi, hata ya toleo la zamani, ni bora.

Kama mlango mzuri, ngazi ya mbao au changarawe viko mahali pengine, rekoda inashinda kondensa kwa sababu tu inafika. Umeme wako ukikatika mara kwa mara hali ni hiyohiyo, isipokuwa betri ya kompyuta yako inahimili saa mbili au zaidi.

Kama miguu ni mingi na milango michache, hasa watu wakitembea barabarani au kwenye changarawe, utulivu wa kondensa hautaonekana. Rekoda inatosha, na muda utakaookoa utumie kutafuta viatu sahihi. Kama ni kinyume chake, yaani filamu ya kutisha iliyojaa bawaba, vitasa, pumzi na nguo, hapo mvumo wa chombo unasikika kila sekunde, na kondensa ya mvumo mdogo inajilipa.

Kama unaishi chumba kimoja ukutani kwa jirani mwenye redio, kondensa itakuongezea matatizo. Anza na simu au rekoda iliyosogezwa karibu kabisa na sauti, saa nane za usiku.

Na kama tayari una maikrofoni ya kondensa ya kurekodia muziki au podikasti, huna haja ya kununua chochote: hamisha kompyuta nje ya chumba, chomoa chaja, na tafuta bawaba kavu.